Mama Akinyi, kiti chako cha jana kilikaa tupu

Kisumu, Jumanne jioni

Mama Akinyi, habari ya Ahero, natumai watoto wako salama na mchele unauzika. Ni mimi Sista Nekesa wa daialisis, yule huwa anakuweka kwa mashine ya karibu na dirisha. Nimepiga simu jana mara tatu haikushikwa ndio nimeamua nikuandikie, na nimetuma kwa simu yako peke yako, sijamwambia Akinyi wala mtu yeyote wa kwako, hiyo ni siri yako mpaka useme wewe.

Si barua ya kukugombeza. Ile siku ulikuja ukakuta nesi mmoja anakuuliza mbele ya watu "mama leo umekumbuka kwetu?" niliona vile uliangalia chini, haikuwa sawa, na nakuomba msamaha kwa niaba yetu sote.

Lakini nimeshikwa na wasiwasi na siwezi kukuficha. Wiki nne zimepita, hiyo ni siku nane za mashine, umekuja nne. Mara ya mwisho ni Jumatatu ya wiki iliyopita. Alhamisi hukuja, jana hukuja, kwa hivyo leo damu yako imekaa siku nane bila kuoshwa.

Najua pengine unajisikia uko sawa, ndio watu wengi hukosa, unaamka asubuhi unafagia, unapanga mchele kwa meza unasema aah, leo naweza. Shida ni kwamba figo ya mtu mzima hufanya kazi mchana na usiku, wiki nzima masaa 168, na sisi mashine yetu inakupatia masaa manne mara mbili, yaani nane. Hata ukikuja zote tunakimbizana na uchafu kwa hayo masaa nane tu. Ukikosa Alhamisi moja unatoka Jumatatu mpaka Jumatatu nyingine, wiki nzima, na kila kitu umekula na kunywa kiko ndani bado kwa sababu mkojo umebaki ule kidogo tu.

Kitu naogopa zaidi ni potasiamu. Hiyo inatoka kwa chakula cha kawaida, ndizi, parachichi, viazi, nyanya, mboga zetu za kienyeji, na figo ikikataa inajaa kwa damu. Ikijaa inaharibu mpigo wa moyo, na inaweza usisikie chochote kabla, mtu anaongea vizuri jioni na moyo unasimama usiku. Wengine huanza kusikia miguu imeisha nguvu ama moyo unarukaruka, lakini wengine hawasikii kitu hata kidogo. Ndio maana nakwambia usitumie vile unavyojisikia kuamua kama utakuja.

Halafu maji. Kilo zako kamili bila maji ya ziada ni 63, ile Jumatatu ulikuja na 70, hizo saba si mafuta mama, ni maji, lita saba hivi. Kwanza yanakaa miguuni unaona viatu vinabana, baadaye yanapanda kwa mapafu, hapo ndio mtu hawezi kulala chali, anaamka usiku anafungua dirisha akitafuta hewa. Uliniambia siku hizi unalala na mito mitatu. Nilicheka na wewe kidogo tukapita, lakini nilirudi nyumbani nikifikiria hiyo mito.

Sasa kuna jambo nimelifikiria sana kuhusu wewe na nataka uniambie kama nimekosea. Ile siku tulijaribu kutoa maji mengi kwa wakati mmoja, saa ya tatu misuli ya mguu ikakukaza, presha ikashuka, ukalia ukaniambia "nitoe sista", nikakutoa, ukaenda na 67. Mimi naona ni hiyo maumivu ndio unaogopa, na ni haki yako kuogopa, mtu aliyeshikwa na ile kukazwa kwa mguu hawezi kusahau. Lakini ona vile inazunguka, unaogopa unakosa, ukikosa maji yanaongezeka, ukirudi tunalazimika kuvuta mengi, unakazwa tena vibaya kuliko mwanzo. Ukikuja zote mbili na kilo mbili ama mbili na nusu za kutoa, tunavuta polepole na wengi hawakazwi hata kidogo. Na tukianza kukutoa maji ukasikia mguu unaanza, niambie hapo hapo, usingoje, kuna vile tunapunguza mwendo wa mashine bila kukutoa.

Hata ile laini ya shingo inaumia ukikosa. Sisi ndio huiosha na kubadilisha bandeji, ikikaa sana damu inaganda ndani inaziba, ama vijidudu vinaingia. Ukisikia baridi ya kutetemeka au joto, hiyo usingoje siku yako. Na sindano ya kuongeza damu tunakupea hapo kwa mashine, ukikosa mashine umekosa na hiyo, ndio uchovu unazidi.

Lakini pengine si maumivu, pengine ni kitu sijui. Ni nauli? Mvua ikinyesha huko Nyando barabara inafunga na bei inapanda, najua. Ni SHA? Kama malipo ya mwaka yameisha niambie mapema, kuna ile Lipa SHA Pole Pole unaingia kwa `*147#`, na mama wa ustawi wa jamii hapa anaweza kukaa na wewe mjaze pamoja. Ni biashara, ukifunga siku mbili wateja wanaenda kwa jirani? Tunaweza kukuhamishia zamu ya mchana uuze asubuhi. Ni matanga? Nyinyi mko na mazishi ya mbali, sawa enda, lakini niambie wiki moja mbele tubadilishe siku, au tuandike barua uoshwe huko uliko, hata Homa Bay na Migori kuna mashine. Ni mtu amekupatia dawa ya miti akasema figo itarudi? Sitakukasirikia, nataka tu kuijua kwa sababu zingine zinaumiza figo na zingine zina potasiamu nyingi.

Na kama umechoka, yaani umechoka kabisa na hii maisha ya mashine, hilo pia nataka uliseme kwangu kabla ya kunyamaza nyumbani. Kuna wagonjwa wamesema hivyo na hatukuwafukuza, tulikaa na daktari na watu wao tukaongea taratibu, tukapanga pamoja.

Kwa sasa, mpaka ufike, maji usizidishe ile nusu lita na kiasi unachokojoa, chumvi punguza, wacha ndizi na parachichi, sukuma katakata uchemshe kwa maji mengi uyamwage ndio ukaange.

Kesho Jumatano nimekuwekea mashine saa nane mchana, nimeongea na daktari. Usiku wa leo ukikosa hewa, kifua kikibana, moyo ukirukaruka au miguu ikikataa, usingoje saa nane, mwamshe Akinyi mtafute gari mje kasualti moja kwa moja mseme ni mgonjwa wa daialisis aliyekaa siku nane. Kama nauli ya kesho ndiyo shida nitumie neno moja tu, "nauli", nitajua la kufanya. Namba ya yuniti iko nyuma ya kadi yako, niko zamu mpaka saa tatu usiku.

Sista Nekesa, daialisis