Mama Pendo, majibu ya kompyuta yako

Shikamoo mama. Ni Elia, fundi wa hapa Sabasaba. Samahani kwa ujumbe mrefu. Nimeona nikikueleza kwa simu utabaki na nusu ya maneno, na hapa kuna jambo la kuamua ambalo likishafanyika halirudi nyuma. Usome kwa utulivu, ikibidi umsomee na mwenyekiti wa kikundi.

Kompyuta yenyewe ni nzima. Bodi, memori, kioo, kibodi, vyote nimevipima na havina tatizo. Kilichokufa ni diski, ile SSD uliyowekewa mwaka 2023, na ndiyo iliyokuwa imebeba hesabu zote za wakulima.

Niliitoa nikaifunga kwenye kompyuta yangu ya majaribio kwa waya mwingine, maana mara nyingine ubovu huwa kwenye waya au mlango na si kwenye diski. Umeme unaingia vizuri, volti 5 kama inavyotakiwa, na haina shoti. Inaamka, ila haijitambui. Badala ya kutaja jina lake lililobandikwa mgongoni, inajitaja hivi:

```
$ lsblk -d -o NAME,MODEL
NAME MODEL
sda  SATAFIRM   S11
```

Picha ya kioo nimekutumia hapo juu. Jina hilo mafundi tunalifahamu. SSD nyingi za bei ya kati zinatumia aina moja ya chipu ya kuongoza, na ile programu ndogo inayoendesha chipu hiyo ikivurugika, diski inarudi kwenye jina hilo la kiwandani na kukataa kusoma chochote. Ndiyo maana kompyuta yako ilikuwa ikiandika kwamba haioni pa kuwakia.

Jumatatu uliniuliza imekufaje wakati haijaanguka wala kumwagikiwa maji. Swali lako ni la haki. Diski za zamani zilikuwa na sahani inayozunguka, zikianza kuchoka unasikia zinagonga, unapata siku mbili tatu za kuokoa vitu. SSD haina kitu kinachozunguka ndani, ni chipu tupu, kwa hiyo inaweza kufanya kazi vizuri asubuhi na jioni ikawa kimya kabisa. Mara nyingi haitoi dalili.

Kwako nina ninachokishuku. Betri yako imekufa. Nimeipima, haishiki chaji hata dakika moja, maana yake kwa muda mrefu umekuwa ukitumia kompyuta kwa umeme wa ukutani peke yake. Uliniambia umeme ulikatika ukiwa katikati ya kuingiza mauzo. Hapo kompyuta ilizimika ghafla wakati diski inaandika, na SSD ndogo kama hii haina akiba ya umeme ya kuimalizia kazi iliyoanza. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu, lakini vitu hivyo viwili vinaendana, na nisingependa nikufungie diski mpya juu ya betri hiyo bila kukuambia.

Sasa nifike kwenye data, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi.

Chukulia kreti za zabibu siku ya kupokea mzigo. Kreti za wakulima wote zinapangwa popote penye nafasi, za mkulima mmoja zinaweza kuwa kona nne tofauti, na anayejua ipi ya nani ni karani mwenye daftari. SSD inafanya hivyo hivyo. Faili moja la Excel linakatwa vipande na kutawanywa kwenye chipu, tena diski inavihamisha vipande hivyo mara kwa mara ili sehemu moja isichakae mapema. Daftari analo yule kiongozi, chipu ya kuongoza. Kwenye diski yako inaelekea kreti bado zipo ghalani. Karani ndiye aliyeanguka na daftari lake halifunguki.

Hapa ndipo naomba unisikilize sana, mama. Kuna njia ya kuifanya diski hii iwake tena. Hata mimi ninayo, ni kazi ya nusu saa, na ukizunguka mjini utapata fundi wa kukufanyia kwa Sh 20,000. Anaipakia upya ile programu ya ndani, diski inarudi kwenye jina lake, inaonekana mpya. Lakini kinachofanyika ni kumpa karani daftari jipya, tupu. Kuanzia dakika hiyo hakuna anayejua kreti ipi ni ya nani, na hesabu zenu hazipatikani tena, si kwangu, si kwa mtu yeyote. Mwaka jana nilimpokea kijana aliyekuja na diski iliyokwisha fanyiwa hivyo, ilikuwa na kazi yake yote ya chuo. Nilikaa nayo siku mbili nikamrudishia bila kitu. Kwa hiyo yako sijaigusa zaidi ya kuiwasha mara tatu kuisoma, nimeifunga kwenye mfuko wake, na haitafanywa chochote mpaka wewe useme.

Njia ya kuokoa data ipo, ila si hapa kwangu. Inahitaji kifaa maalumu kinachozungumza na diski ikiwa kwenye hali ya kiwandani. Wanaipa programu ya muda bila kugusa kilichohifadhiwa, wanalijenga daftari upya kutokana na alama zilizomo kwenye vipande, kisha wanasoma polepole. Nimempigia mtaalamu mmoja Dar es Salaam ninayemwamini, nikamweleza hali yake. Kuipima ni Sh 50,000, hiyo hairudi. Wakifanikiwa ni kati ya Sh 650,000 na Sh 1,100,000 kutegemea hali watakayoikuta, wasipofanikiwa hulipi zaidi ya ile 50,000. Muda ni wiki mbili hadi tatu. Aina hii ya ubovu inaokoleka mara nyingi, lakini wakikuta na chipu zenyewe zimechakaa matokeo yanakuwa nusunusu. Mimi sipati chochote kwao. Ukiamua huko, usilipe hela kubwa kabla hawajakuonyesha orodha ya mafaili waliyoyapata, na ufungue machache mbele yao. Kuliko kuipakia kwenye basi kama kifurushi, ni bora mtu wenu anayesafiri kwa treni aibebe mkononi.

Ni hela nyingi kwa kikundi, najua. Kabla hamjaichanga, naomba mfanye kazi ya jioni moja kwanza. Ulisema kila mwisho wa mwezi unamtumia katibu ripoti kwa WhatsApp. Kila faili alilowahi kulifungua linaweza kuwa bado limo kwenye simu yake. Akiwa na simu ya Android aingie kwenye mafaili, afuate njia hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Documents
```

Asifute kitu, asibadilishe simu, asisafishe nafasi mpaka tumalize. Simu yako mwenyewe pia uiangalie, maana ulichotuma ukitumia simu hukaa kwenye kijalada cha ndani yake kinachoitwa `Sent`. Na kwenye barua pepe yako ya Gmail, sehemu ya kutafutia, andika `filename:xlsx`, itakuletea kila barua iliyobeba faili la Excel, hata ya miaka mitatu nyuma. Ukipata ripoti ya Juni na ya Septemba, kilichopotea kinabaki ni miezi michache, na hiyo inaweza kujazwa kutoka kwenye vitabu vya mkono vya kupokelea mzigo, kama bado mnavyo pale Hombolo. Ukiona umepata karibu yote, hela ya Dar mtaitumia kwenye dawa ya zabibu.

Kuhusu kompyuta, hiyo ni rahisi na haitegemei uamuzi wa data. SSD mpya ya GB 256 ni Sh 75,000, ya GB 480 ni Sh 125,000. Kwa kazi zako 256 inatosha kabisa, ile iliyokufa ilikuwa 240 na uliniambia haikuwahi kujaa. Kufunga, kuweka Windows 11 na programu zako ni Sh 25,000. Leseni ya Windows hulipii, ufunguo wake umo kwenye bodi yenyewe, itajithibitisha ikiunganishwa na intaneti. Windows 10 sikuwekei kwa sababu iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tangu 14 Oktoba 2025 na mashine yako inakubali 11 bila kulazimishwa. Ile Sh 10,000 ya uchunguzi uliyolipa naihesabu humo, kwa hiyo unabakiza Sh 90,000. Betri ni Sh 70,000, ukiichukua jumla inakuwa Sh 160,000. Kama hela haitoshi kwa sasa, chukua diski ndogo na betri, usichukue diski kubwa ukaiacha betri.

Kuna na suala la waranti. SSD nyingi huja na waranti ya miaka mitatu, kwa hiyo tafuta risiti ya 2023, huenda muda bado. Lakini wakikubali watakupa diski nyingine tupu na watabaki na hiyo ya zamani. Ukiwapa, umewapa na hesabu za wakulima. Usiipeleke kabla hamjaamua kuhusu Dar.

Ulisema mna kikao Jumamosi. Ukiniambia leo au kesho kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa mchana unaichukua ikiwa tayari, utaweza kuandika na kuonyesha wanachama chochote mtakachokuwa mmekipata kwenye simu. Diski ya zamani nitakukabidhi mkononi ikiwa na karatasi yenye maelezo niliyokuandikia hapa, ili fundi wa huko asianze upya. Iweke ndani mahali pa ubaridi, si kwenye dashibodi ya gari wala juu ya kabati lililo chini ya bati, joto linaipunguzia chipu uwezo wa kushika. Mwezi mmoja au miwili ya kutafakari haina shida, ila isikae mwaka.

Nikikufungia mpya nitakuwekea pia faili la hesabu lijihifadhi lenyewe kwenye Google Drive, GB 15 za kwanza ni bure na hesabu zenu hazitafika hata GB 1. Kazi hiyo sikutozi.

Nijibu tu "diski" au "diski na betri" nianze. Suala la Dar litasubiri kikao. Leo nipo dukani hadi saa kumi na mbili na nusu, na simu ipo wazi hata usiku kama katibu atakwama kwenye yale mafaili ya WhatsApp, anipigie nimwelekeze.

Elia