YAH: Pendekezo la kugawana nafasi moja ya Mhasibu kati ya watu wawili

Morogoro, 2 Juni 2025

Kwa: Meneja Rasilimali Watu
Nakala: Meneja Fedha

Ndugu Meneja,

Likizo yangu ya uzazi imekwisha na nimerejea kazini. Bi. Zawadi aliyenikaimia anamaliza mkataba wake tarehe 30 mwezi huu. Tumekaa pamoja, na tunaomba nafasi hii ya Mhasibu tuishike sote wawili kuanzia 1 Julai, kila mmoja kwa mkataba wake wa nusu muda. Mimi nina mtoto mchanga. Yeye anasomea mitihani ya NBAA. Hizo ni sababu zetu. Sababu ya kampuni ni nyingine, nami naiona ni nzito kuliko zetu.

Kwa sasa anayeandaa malipo ya wasambazaji ndiye huyo huyo anayefanya usuluhishi wa benki. Mkaguzi wa nje aliligusa jambo hili mwaka jana, tukajibu kwamba hatuna mtu wa pili. Sasa yupo, tena anaijua kazi. Mimi nitabaki na malipo ya wasambazaji, mishahara, na makato ya PAYE na tozo ya SDL ambavyo lazima vifike TRA si zaidi ya tarehe 7, pamoja na michango ya NSSF. Zawadi atashika madeni ya wateja, ripoti za mashine ya EFD, ritani ya VAT ya tarehe 20, na usuluhishi wa benki. Nitakachokilipa mimi, atakikagua yeye. Uidhinishaji unabaki kwenu kama ulivyo.

Saa za kazi: mimi Jumatatu na Jumanne kutwa, na Jumatano saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Yeye Jumatano saa 6 mchana hadi saa 11 jioni, kisha Alhamisi na Ijumaa kutwa. Jumamosi tutapokezana. Kila mmoja anapata wastani wa saa 23 kwa wiki badala ya 44 za mtu mmoja. Saa mbili za ziada ni ile ya makabidhiano na ile ya chakula cha mchana siku ya Jumatano, ambapo dirisha la malipo halitafungwa.

Saa hiyo ya Jumatano ndiyo roho ya mpango. Tutahesabu fedha taslimu za matumizi madogo pamoja na kusaini wote wawili, ndipo ufunguo wa kasiki ubadilishe mkono. Kila jambo ambalo halijaisha litaandikwa kwenye jedwali moja la Excel lililo kwenye kompyuta ya ofisi: ankara ipi, inasubiri nini, nani ameahidi nini na lini. Ahadi aliyopewa mteja kwa simu nayo iandikwe, maana hizo ndizo hupotea. Kila mmoja atakuwa na neno lake la siri kwenye mfumo, na aliye zamu ndiye mwenye majibu. Hakuna kumwambia mtu "subiri mwenzangu aje".

Kuhusu gharama. Mshahara wa nafasi ni Sh 1,320,000. Kwa saa 23 kila mmoja atapata Sh 690,000, jumla Sh 1,380,000, yaani nyongeza ya Sh 60,000. Ukiongeza mchango wa mwajiri NSSF, WCF na SDL juu yake, haifiki Sh 70,000. Kinachouma zaidi ni bima ya afya ya mtu wa pili, Sh 48,000 kwa mwezi, sikutaka kuificha. Jumla ni kama Sh 116,000. Upande wa pili, ovataimu ya kufunga mwezi imekuwa takriban saa 10, karibu Sh 104,000 kwa kiwango cha mara moja na nusu. Siku hizo tutaingia wote wawili na kufidia saa katikati ya mwezi. Ovataimu ikishuka nusu tu, ongezeko halisi ni kama Sh 64,000. Posho ya usafiri italipwa kwa siku za kazi, hivyo haitabadilika sana.

(Kwetu sisi PAYE inapungua kwa sababu ya viwango vyake, ndiyo maana nusu mshahara bado inatutosha.)

Mmoja akiumwa au akiwa likizo, mwenzake atajaza siku zake kwa malipo ya kawaida ya saa hizo. Novemba, wakati wa mitihani, nitamshikia Zawadi. Mmoja akiacha kazi, aliyebaki atafanya muda wote kwa mwezi mmoja huku mkitafuta mtu.

Tunaomba majaribio ya miezi mitatu, Julai hadi Septemba. Mpango ukishindikana, mimi nitarudi kwenye muda wote na mkataba wa Zawadi utaishia 30 Septemba. Yeye amelikubali hilo. Tunaomba kuonana nawe pamoja na Meneja Fedha wiki hii, Jumatano mchana ikiwezekana, ili mikataba iwahi kuandaliwa kabla ya tarehe 30.

Wako katika kazi,

Rehema, Mhasibu
Zawadi, Kaimu Mhasibu