Seti ya Kopa

Zilibaki karata tatu tatu mkononi, na barazani hakuna aliyekuwa akipiga soga tena. Ilikuwa fainali ya mtaa, Barabara ya 9, Ngamiani, usiku wa vunja jungu. Kila upande ulikuwa umeshinda mchezo mmoja. Huu wa tatu ndio wa kuamua. Zawadi, beberu mweupe wa mwenye duka la kona, alifungwa kwenye nguzo ya umeme akitafuna majani ya mwembe. Hakuna aliyetoa hata shilingi kuingia. Kwetu hatuchezi kamari, na anayetaka kuweka pesa huoneshwa njia.

Turufu ilikuwa kopa. Mbele yangu aliketi mwenzangu, mzee wa bandarini tunayemwita Babu Winchi. Kushoto kwangu Kinyozi, kulia kwangu mwenzake, kaka wa mke wangu. Karata zetu huzunguka kwa kulia, kwa hiyo usiku kucha Shemeji ndiye aliyecheza baada yangu. Nilikuwa namwekea mezani, yeye anaangalia kwanza, ndipo anachagua.

Shemeji anaendesha bajaji, na mdomo wake haupumziki. Akishika karata atakuuliza kama umekula, atakutajia unachoficha, ataimba. Lakini tangu nilipogawa mchezo ule wa tatu alikuwa hajasema neno. Kahawa yake ilipoa kikombeni na kashata hakuigusa.

Karata zote zina pointi 120, anayefika 61 ndiye mshindi. Nilikuwa nimehesabu kila kilicholiwa: sisi 52, wao 37. Zilizobaki mikononi zilikuwa na 31. Ree ya kopa ilikuwa haijatoka, na hiyo peke yake ni 11. Seti ya kopa, 10, ilikuwa kwangu. Niliishika katikati, kona yake imekunjika kwa kuchezwa sana, kidole gumba kikiifunika hadi nikahisi inalowa jasho. Kulia kwake mzungu wa nne wa shupaza, kushoto garasa la uru.

Tulihitaji tisa tu. Seti ikipita mara moja bila kukutana na ree, mbuzi ni wetu.

Kinyozi akatupa mzungu wa tatu wa pau.

Mimi pau sikuwa nayo. Naweza kukata. Au natupa lile garasa la uru, nasubiri. Lakini nasubiri nini? Kama ree iko kwa Babu, nikate bila wasiwasi. Kama iko kwa Kinyozi, ameshacheza, hawezi kunishika. Ilikuwa inanidhuru mahali pamoja tu: kulia kwangu. Na ikiwa huko, hata nikingoja, itaningoja.

Nikamtazama Babu. Ishara ni marufuku kwenye fainali, hata kukohoa, na yeye ni mtu wa haki. Alikuwa amekodoa macho kwenye jamvi, hanipi chochote. Nyuma yangu kijana mmoja akaanza, "Kaka, hiyo—" akanyamazishwa kwa kofi la mgongoni.

"Cheza, mwanangu," akasema msimamizi. "Watu wanataka kulala."

Nikaikata kwa seti. Niliipiga chini kwa nguvu, vikombe vikaruka, na baraza zima likapaza sauti. Pointi 13 zimelala kwenye jamvi, na sisi na 52 yetu tayari tuko 65. Kwa pumzi moja nilikuwa bingwa wa Barabara ya 9.

Shemeji hakupiga. Aliiweka taratibu juu ya seti yangu, akainyoosha kwa kidole ikae sawa: ree ya kopa.

Babu akatupa garasa la pau. Hakuwa na kingine.

Ishirini na nne. Thelathini na saba na ishirini na nne, sitini na moja, kamili, bila moja kuzidi. Zilizobaki zilikuwa na saba. Hata tungezikusanya zote tungeishia 59. Tulizicheza hata hivyo, kwa heshima ya mchezo, huku vijana wameshaanza kumfungua mbuzi na Kinyozi amebebwa juu juu.

Niliumia. Koo lilikauka, na Babu, anayeutaka ubingwa ule kuliko mimi, ndiye aliyeninyooshea mkono.

"Hata ningekuwa mimi ningekata," akasema. "Usijitafune."

Shemeji bado alikuwa ameketi, anazikusanya karata moja moja.

"Umeikalia tangu lini?" nikamuuliza.

Akacheka, mara ya kwanza usiku ule, na mdomo wake ukarudi kazini. "Tangu mwanzo, shemeji. Ilikuwa karata yangu ya kwanza, na mkono ulionigawia ni wako. Ningesema neno moja tu, ungenisoma. Haya, inuka, dada yako ameshabandika wali, mchinjaji anasubiri."

"Dada yako wewe," nikamwambia. "Na baada ya Idi unanikuta hapa hapa."

"Ukae kulia kwangu basi," akasema.