KUH: Maombi ya kazi ya Mkuu wa Idara ya Mikopo, na ombi la kuyaweka siri

Kakamega,
14 Julai 2025

Kwa Meneja wa Rasilimali Watu,
Kisumu.

Bibi Meneja,

Nimeambatisha wasifu wangu na barua ya kuomba nafasi ya Mkuu wa Idara ya Mikopo mliyoitangaza. Haya yafuatayo nimeyaandika kando makusudi, nisije nikayaacha yamezikwa chini ya rundo la vyeti. Mwajiri wangu wa sasa hajui kwamba ninatafuta kazi kwingine, na ninaomba asije akajua kupitia kwenu.

Wewe mwenyewe unaujua ulimwengu wa sacco. Kutoka Kakamega hadi Kisumu ni safari ya matatu moja, lakini habari hazingoji matatu. Tunakutana kwenye mafunzo ya SASRA, tunakutana mazishini, na juzi tarehe 5, Siku ya Ushirika, nilimwona meneja wangu ameketi hema moja na wakubwa wenu wawili, wanacheka kama watu waliosoma pamoja. Sisemi kuna ubaya hapo. Nasema tu kwamba neno moja la kirafiki, "kumbe yule binti wako wa mikopo anakuja kwetu", linatosha.

Nimeona linavyokuwa. Mwenzangu mmoja aliwahi kuomba kazi kwingine, habari zikavuja kabla hata hajaitwa kwenye usaili. Hakufutwa. Aliondolewa tu kwenye orodha ya mafunzo, kisha akapokonywa faili za wakopaji wakubwa, akabaki akipiga mihuri hadi alipojiondoa mwenyewe. Kazi aliyoiomba hakuipata.

Kwa hiyo nakuomba, tafadhali, msinipigie kwa simu ya ofisi. Iko mezani kwa karani wa mapokezi, naye humwita mtu kwa sauti ya sokoni: "Simu yako kutoka Kisumu!" Barua za posta nazo tarishi huzifungua zote na kuzigonga mhuri wa kupokelewa kabla hazijafika mezani kwa mwenyewe. Tumieni nambari na barua pepe zilizo kwenye wasifu, ambazo ni zangu binafsi. Kupiga, saa saba hadi saa nane mchana nikiwa nje kwa chakula, au baada ya saa kumi na moja unusu jioni. Nisipopokea, ujumbe mfupi usiotaja kazi unatosha, nitapiga mwenyewe.

Kuhusu wadhamini, msimwandikie mtu yeyote wa ninapofanya kazi sasa. Nimewaweka watatu: mkuu wangu wa kwanza wa mikopo, ambaye sasa amestaafu, mwenyekiti wa zamani wa kamati ya mikopo niliyoifanyia kazi miaka 4, na mhadhiri aliyenifundisha. Wote wanajua ninaomba na wamekubali kunyamaza. Mkinipa ofa ya maandishi nami nikaikubali, hapo nitamwarifu meneja wangu mwenyewe, ana kwa ana, kisha mtakuwa huru kumuuliza lolote. Mkataba wangu unadai ilani ya mwezi mmoja na nitaitumikia yote.

Jambo jingine mlisikie kwangu kwanza. Nina mkopo wa mfanyakazi hapa nilipo, na utaonekana kwenye ripoti ya CRB niliyoambatisha. Unalipwa bila kuchelewa. Tafadhali msipige simu kuuthibitisha. Taarifa ya mkopo nitakuja nayo siku ya usaili.

Usaili ukiwezekana Jumamosi, nitashukuru sana. Nikionekana stendi Jumatano asubuhi nimevaa suti na bahasha mkononi, hapa mjini nitaulizwa naenda wapi kabla gari halijajaa. Isipowezekana, nipeni siku 5 niombe ruhusa kwa njia ya kawaida. Sitadanganya kwamba ni mgonjwa.

Najua Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa shughuli zilizokusanyiwa. Sikuitaja kukutisha. Nami upande wangu nina siri za kulinda: utaona wasifu haujataja kiasi cha mikopo ninachosimamia wala wakopaji ni akina nani. Hayo ni ya wanachama, na hata mkiniajiri sitakuja na orodha yao.

Naomba unijibu kwa barua pepe kwamba umelipokea ombi hili, na uniambie ni akina nani watakaolisoma faili langu. Ikiwa utaratibu wenu unalazimu kumuuliza mwajiri wa sasa kabla ya usaili, nijulishe kabla faili halijatoka mezani kwako, niamue kama nitaendelea au nitayaondoa maombi.

Wako mwaminifu,

V. Nekesa