Tafsiri ya picha ya hali ya hewa, Fargo, Jumapili hadi Ijumaa

Shikamoo shangazi. Picha ya tivii nimeipata na voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Naanza na hilo la jirani kwanza kabla sijatafsiri kitu kingine, kwa sababu limenishtua. Umesema amekusomea "joto litakuwa chini ya 35" na wewe ukaona kumbe nafuu, Kigoma nako kukifika 35 watu wanajipepea. Hapana shangazi. Kwenye ule mkanda mwekundu imeandikwa 35 TO 45 BELOW, maana yake ni 35 hadi 45 CHINI YA SIFURI, yaani unashuka mpaka sifuri halafu unaendelea kushuka tena 35. Sio chini ya 35. Jirani kasoma maneno yote sawa ila kayapanga vibaya, na maana imegeuka kabisa.

Namba zote nimeziacha kama zilivyo kwenye tivii, sijaongeza wala sijapunguza. Ziko kwa F, Farenhaiti, sijazigeuza kuwa C tuliyoizoea redioni kule Kasulu, maana nikigeuza wewe utasikia namba moja kwangu na nyingine kwenye tivii na nyingine kwa walimu, utachanganyikiwa. Shika hii moja tu: kwa F maji yanaganda kwenye 32, kwa hiyo hata ukiona namba haina alama ya kutoa lakini iko chini ya 32, nje ni barafu.

MKANDA MWEKUNDU (juu kabisa):
Onyo la baridi kali mno. Kuanzia 6 PM SUN mpaka 12 PM TUE. Baridi ya upepo 35 hadi 45 chini ya sifuri. Ngozi iliyo wazi inaweza kugandishwa na baridi ndani ya dakika 10.

Saa nimeziacha kwa namba zao za huku, ila kwa saa zetu 6 PM ni saa kumi na mbili jioni, leo hii Jumapili. Na 12 PM ni saa sita MCHANA wa Jumanne, sio usiku, wengi wanakosea hapo wanadhani onyo limeisha usiku wa manane kumbe bado asubuhi nzima. Kwa hiyo Jumatatu yote iko ndani ya onyo, na Jumanne asubuhi watoto wakienda basi la shule bado ni ndani ya onyo.

MKANDA WA NJANO:
Angalizo la hali ya hewa ya kipupwe, mpaka 3 PM SUN (saa tisa alasiri leo). Theluji inchi 1–3. Theluji inapeperushwa na upepo, umbali wa kuona chini ya maili 1/4.

Hii ya njano ni ndogo kuliko nyekundu, ni kama TMA wanavyosema angalizo halafu kuna tahadhari halafu tahadhari kubwa. Njano inakwambia kuwa makini, nyekundu inakwambia kaa ndani kama huna lazima ya kutoka. Na hapo kwenye inchi 1–3 kile kistari cha katikati ni "hadi", inchi moja hadi tatu. Lakini kistari kinachogusa namba kwa mbele, kama -24, hicho ni alama ya kutoa, ni chini ya sifuri, usikiruke hata siku moja ukimsomea mtu.

Sasa vile viboksi vya siku. HI ni joto la juu la mchana, LO ni la chini la usiku unaofuata. Asilimia chini ya kapicha ni uwezekano wa kunyesha, sio wingi wa theluji. Zile herufi ni upepo, NW ni upepo UNAOTOKA kaskazini magharibi, na G ni yale mapigo ya ghafla yanayokusukuma ukiwa unatembea, vyote ni maili kwa saa.

SUN, Jumapili: kawingu na vinyota vya theluji. HI 8, LO -19. 70%. Upepo NW 20–30, G45.

MON, Jumatatu: jua. HI -9, LO -24. 0%. NW 15–25, G35.
Shangazi hili jua lisikudanganye tafadhali. Kapicha ni ka jua la njano zuri kabisa na anga litakuwa bluu hata wingu hamna, lakini angalia namba ya JUU kabisa ya mchana ni -9, yaani saa nane mchana jua linawaka na bado uko chini ya sifuri. Mwaka wangu wa kwanza huku niliangalia dirishani nikaona jua nikatoka na sweta kwenda kutupa taka, nilipofika kwenye pipa kope zilikuwa zinashikana nikifumba macho, na kile chuma cha mfuniko nilikishika kwa mkono mtupu kikanata kwenye vidole. Ni mwendo wa kutoka nyumba ya kwanza mpaka bombani tu.

TUE, Jumanne: jua na wingu. HI -4, LO -15. 10%. W 10–15 (upepo wa magharibi).

WED, Jumatano: wingu kiasi. HI 11, LO 2. 20%. SE 10–15, unatoka kusini mashariki. Hapa namba hazina alama ya kutoa, ni juu ya sifuri, lakini bado chini ya 32.

THU, Alhamisi: kapicha nusu vinyota nusu matone, ni theluji iliyochanganyika na mvua. LO 6. 40%.
HI ya Alhamisi sijaiandika. Flashi imekaa juu yake kabisa, naona 4 mwishoni lakini mbele sijui kuna 1 au 2 au alama ya kutoa, na siwezi kukukisia hapo, 24 na -4 ni nguo tofauti kabisa.

FRI, Ijumaa: wingu. HI 27, LO 14. 20%.

Baridi ya upepo ile ya mkanda mwekundu na hizi LO ni vitu viwili, usione -24 huku na 45 kule ukadhani mmoja kakosea. -24 ni kipimo cha hewa yenyewe, ile 35 hadi 45 chini ya sifuri ni jinsi ngozi itakavyoisikia upepo ukipiga.

Shule siwezi kukwambia, kwenye picha hakuna kitu cha shule. Wakifunga au wakichelewesha watakutumia meseji, usiku huu weka simu karibu, ikija kwa kiingereza nitumie saa hiyo hiyo hata kama ni saa tisa usiku nitaamka. Wasipofunga, yule mdogo asisimame nje kusubiri basi, asubirie ndani ya mlango mpaka mlione likikata kona, na glavu zile za vidole vilivyounganika sio zile nyembamba.

Naomba uipige tena ile tivii, zima flashi, simama pembeni kidogo, nione Alhamisi.