Dai la fidia ya faida iliyopotea kwa kusimama kwa biashara: moto wa tarehe 30 Aprili 2024

Kwa: Meneja, Idara ya Madai
Kutoka: Mkurugenzi Mtendaji, kiwanda cha uchapaji
Tarehe: 18 Novemba 2024

Ndugu Meneja,

Tunawasilisha dai letu la mwisho chini ya sehemu ya pili ya bima yetu, ile inayohusu kukatizwa kwa biashara. Dai la majengo na mitambo chini ya sehemu ya kwanza mlikwisha likubali, na mtambo mkuu mkaulipia. Kwa hiyo chanzo cha moto hakina ubishi tena, na sharti la kwamba uharibifu wenyewe uwe umekubaliwa chini ya bima ya mali limetimia. Kinachobaki ni kiasi. Tunadai shilingi 51,700,000. Tukitoa malipo ya awali ya 15,000,000 mliyotupa mwezi Julai, salio tunaloomba ni 36,700,000.

Moto ulitokea usiku wa tarehe 30 Aprili 2024 kutokana na hitilafu ya umeme. Uliteketeza mtambo wetu wa rangi nne, ambao ndio uliokuwa ukifanya sehemu kubwa ya kazi, pamoja na nusu ya chumba cha kukatia na kujalidi. Mtambo mpya ulifika katikati ya Julai, ukaanza kazi mwishoni mwa mwezi huo. Mauzo yalirudi mahali pake Oktoba. Kipindi tunachodai kinaanzia tarehe 8 Mei hadi 30 Septemba 2024, kwa kuwa siku 7 za mwanzo ni zetu wenyewe kwa mujibu wa mkataba.

Kabla ya hesabu zetu, tunaomba kujibu pendekezo la mkadiriaji wa hasara katika barua yake ya Septemba. Yeye alichukua faida halisi ya mwaka 2023, yaani 38,880,000, akaigawa kwa miezi 12, akazidisha kwa 5, akapata 16,200,000. Tunaheshimu kazi yake, lakini njia hiyo haiendani na mkataba tuliousaini. Bima hii haikatiwi faida halisi. Inakatiwa faida ghafi, yaani mauzo baada ya kutoa zile gharama tu ambazo zinapanda na kushuka pamoja na mauzo. Sababu yake inaonekana wazi katika vitabu vyetu: kodi ya jengo ni 36,000,000 kwa mwaka. Kwa miezi 5 ambayo mtambo haukuwepo au haujarudi katika nguvu zake tumelipa kodi ya 15,000,000, na mwenye jengo hakutupunguzia hata senti. Fidia ya 16,200,000 ingelipa kodi hiyo na kubakiza 1,200,000 kwa ajili ya mishahara ya wafanyakazi wote, riba ya mkopo na umeme. Mafundi wetu hatukuwaachisha. Fundi mtambo mzuri akiondoka hapatikani tena kwa urahisi, na bila wao mtambo mpya ungekaa bure.

Gharama zetu zisizobadilika kwa mwaka 2023 zilikuwa hizi: mishahara 104,400,000, kodi ya jengo 36,000,000, riba 19,280,000, umeme 14,600,000 na gharama nyingine za uendeshaji 10,400,000. Jumla ni 184,680,000. Ukiongeza faida halisi ya 38,880,000 unapata 223,560,000. Hiyo ndiyo faida ghafi, na inalingana na tuliyoipata kwa kuanzia upande wa mauzo kama ifuatavyo.

Kiwango cha faida ghafi

Tumetumia hesabu zilizokaguliwa za mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2023, mwaka wa fedha wa mwisho kukamilika kabla ya moto. Mauzo, bila kodi ya ongezeko la thamani, yalikuwa 486,000,000. Karatasi, wino na sahani za kuchapia tulizoanza nazo mwaka zilikuwa na thamani ya 31,200,000. Tulinunua nyingine za 238,170,000, na mwisho wa mwaka ghalani zilibaki za 28,800,000. Kwa hiyo mali ghafi iliyotumika ni 240,570,000. Tumetoa pia usafirishaji wa kazi kwenda kwa wateja, 9,720,000, na kamisheni za mawakala, 12,150,000, kwa sababu hizo mbili hazilipwi kazi isipokuwepo. Zilizotolewa zote ni 262,440,000, na kinachobaki ni 223,560,000. Ukigawa kwa mauzo unapata asilimia 46.

Tulijiuliza kama asilimia hiyo ilikuwa bado kweli mwaka 2024, maana bei ya karatasi haitulii. Hesabu zetu za ndani za Januari hadi Aprili 2024, ambazo hazijakaguliwa, zinaonyesha asilimia 46.2. Tofauti ni ndogo, na tumebaki na ile iliyokaguliwa.

Mauzo ambayo tungeyapata

Msingi ni mauzo ya kipindi kilekile mwaka 2023, kuanzia tarehe 8 Mei hadi 30 Septemba: 185,000,000. Ya Mei tumeyatoa siku kwa siku katika daftari la ankara. Hatukugawa mwezi kwa siku zake, kwa sababu kazi zetu nyingi huangukia mwisho wa mwezi.

Kutoka katika kiasi hicho tumeondoa 8,000,000 za Julai 2023. Ilikuwa kazi moja ya mteja mmoja, ya mara moja, na hakukuwa na dalili kwamba ingerudi. Hakuna aliyetuomba tuiondoe, lakini kuiacha kungekuwa kudai mauzo ambayo hata bila moto tusingeyaona. Msingi ukawa 177,000,000.

Kisha tukaongeza ukuaji wa biashara. Mauzo yalikuwa 421,500,000 mwaka 2021, yakawa 452,000,000 mwaka 2022 na 486,000,000 mwaka 2023. Huo ni ukuaji wa asilimia 7.2, kisha 7.5. Miezi minne ya kwanza ya 2024 ilileta 153,360,000 dhidi ya 142,000,000 za miezi hiyohiyo mwaka uliotangulia, ambayo ni asilimia 8 kamili. Tungeweza kudai hiyo 8. Tumechukua 7.5 kwa kuwa miezi minne ni muda mfupi kuupa uzito kuliko mwaka mzima.

| Mwezi (2024) | Yaliyotarajiwa | Yaliyopatikana | Pungufu |
|---|---|---|---|
| Mei, kuanzia tarehe 8 | 30,530,000 | 3,150,000 | 27,380,000 |
| Juni | 40,742,500 | 9,400,000 | 31,342,500 |
| Julai | 37,195,000 | 16,725,000 | 20,470,000 |
| Agosti | 37,947,500 | 27,200,000 | 10,747,500 |
| Septemba | 43,860,000 | 36,800,000 | 7,060,000 |
| Jumla | 190,275,000 | 93,275,000 | 97,000,000 |

Pungufu la 97,000,000 likizidishwa kwa asilimia 46 linatoa faida ghafi iliyopotea ya 44,620,000.

Mkadiriaji ameuliza kwa nini Agosti na Septemba zimo wakati mtambo ulikwisha kufungwa. Kipindi cha fidia katika mkataba hakikomi siku mashine inapowashwa. Kinaendelea maadamu matokeo ya biashara bado yameathiriwa na uharibifu, mradi kisivuke miezi 12. Wateja wetu wawili wakubwa walilazimika kupeleka kazi zao kwingine mwezi Mei, na huko wakafungwa na mikataba iliyoisha mwishoni mwa Septemba. Barua zao zimeambatishwa. Wote wawili wamerudi Oktoba, na ndiyo maana dai linaishia pale.

Gharama za ziada za kupunguza hasara

Hatukukaa kusubiri mtambo. Kazi za wateja wa siku nyingi tulizipeleka kwa wachapaji wenzetu. Walichotutoza juu ya gharama yetu ya kawaida ni 7,860,000. Tulikodi mashine ndogo ya kidijitali kuanzia Juni hadi Agosti kwa 4,500,000, na Agosti tukalipa saa za ziada za usiku 1,940,000 ili kumaliza viporo. Jumla ni 14,300,000.

Mkataba unaruhusu gharama hizi iwapo tu hazizidi faida ghafi zilizoiokoa. Mauzo yaliyopatikana kwa njia hizo, ambayo yamo ndani ya zile 93,275,000, yalikuwa 38,500,000. Asilimia 46 yake ni 17,710,000. Bila hatua hizo dai lingekuwa kubwa zaidi kwa tofauti ya 3,410,000, na wateja hao huenda wasingerudi.

Nafuu tulizopata

Baadhi ya gharama zilipungua, na hizo zinatolewa katika dai: umeme 2,870,000, vibarua ambao hatukuwaita 3,450,000, na mkataba wa matengenezo ya mtambo ulioungua 900,000. Jumla ni 7,220,000. Umeme tumeupima kwa ankara za miezi hiyohiyo ya 2023.

Kiasi cha dai

44,620,000 + 14,300,000 − 7,220,000 = 51,700,000

Kuhusu kanuni ya wastani, ambayo ingepunguza fidia kama tungekuwa tumekata bima ndogo kuliko inavyopasa: mauzo ya miezi 12 kabla ya moto, Mei 2023 hadi Aprili 2024, ni 497,360,000. Tukiyaongeza kwa asilimia 7.5 tunapata 534,662,000, na asilimia 46 yake ni 245,944,520. Hapa ile kazi ya 8,000,000 hatukuitoa, na bado kiasi cha bima, 250,000,000, kinatosha. Hakuna punguzo.

Tumeambatisha hesabu zilizokaguliwa za miaka 2021, 2022 na 2023, hesabu za ndani za Januari hadi Oktoba 2024, marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani ya miezi yote iliyotajwa, daftari la ankara, taarifa za benki, orodha za mishahara, ankara za wachapaji waliotusaidia na mkataba wa kukodi mashine. Mauzo yaliyotajwa humu yanalingana na yale tuliyoyatangaza kwa mamlaka ya kodi mwezi kwa mwezi. Vitabu vyenyewe viko ofisini, na mhasibu wetu yuko tayari kukaa na mkadiriaji siku yoyote ya kazi kuvipitia ukurasa kwa ukurasa.

Mshahara wa Mei hadi Agosti tuliulipa kwa kuongeza mkopo, na riba yake inaendelea kuhesabika. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kama kuna tarakimu mnayoitilia shaka, tuandikieni ni ipi na kwa sababu gani, ndani ya siku 14. Na kwa sehemu isiyo na ubishi, tunaomba ilipwe sasa bila kusubiri mabishano ya iliyobaki.

Wako katika kazi,

Mkurugenzi Mtendaji
kwa niaba ya Bodi ya Wakurugenzi

Nakala: Mkadiriaji wa hasara, Wakala wetu wa bima, Mkaguzi wa hesabu