Swali la 3: Ulevi wa Juma na shtaka la kuua kwa kukusudia

Swali linauliza kama ulevi unamtetea Juma, anayeshtakiwa kwa kumuua hasimu wake kwa panga baada ya ugomvi kilabuni. Juma alikunywa gongo kwa hiari yake tangu mchana. Kwa hiyo kifungu cha 14(2) cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hakimsaidii: hakuna aliyemlevya kwa hila au uzembe, wala hakuna ushahidi wa wazimu. Hapo sipotezi muda.

Hoja halisi iko kwenye 14(4). Ulevi huzingatiwa katika kuamua kama mshtakiwa alikuwa na kusudi, mahususi au vinginevyo, ambalo bila hilo kosa halikamiliki. Kuua kwa kukusudia (kifungu cha 196) kunahitaji dhamira ovu ya kifungu cha 200, ikiwemo kusudi la kuua au kudhuru vibaya. Swali ni kama Juma alikuwa nalo. Kuthibitisha kwamba hakuwa na uwezo wa kulijenga si mzigo wake. Mzigo unabaki kwa Jamhuri, kama ilivyoamuliwa katika kesi ya Cheminingwa, 1956.

Utetezi utasema alipepesuka na hakukumbuka lolote asubuhi. Kusahau baadaye hakuthibitishi kwamba hakukusudia wakati ule. Tena, baada ya ugomvi alikwenda nyumbani, akachukua panga, akarudi, akamtambua hasimu wake kwa jina, akamkata shingoni, kisha akaliosha panga na kulificha. Mlevi aliyepotewa kabisa hafuati mpangilio huo.

Namtia hatiani kwa kifungu cha 196. Kama pigo lingetokea palepale kilabuni, kwa chupa iliyokuwa mkononi, ningeshuka hadi kifungu cha 195, kuua bila kukusudia.